Kifungu cha Wanaojitolea

Bi Salhiya Ame alistaafu ukarani akiwa na miaka hamsini na mitano. Miaka thalathini alipiga taipu barua za wakubwa, na aliamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri kwenye karatasi, basi limeeleweka. Imani hiyo ilimvunjikia mwaka ule Jumuiya ya Tuwatizame ilipopata fedha za wafadhili.

Jumuiya hiyo aliianzisha yeye na jirani yake Rukaiya huko Michenzani, kwenye yale majumba marefu. Walianza na mama yake Salhiya, aliyelala kitandani miaka miwili kabla ya kufariki. Rukaiya alikuwa akipanda ngazi kila asubuhi kuja kusaidia kumgeuza na kumwosha. Mama alipoondoka, wanawake wale wawili wakajikuta wameshazoea, wakaenda kwa mgonjwa mwengine, kisha mwengine. Baada ya miaka sita, mbali na Salhiya aliyekuwa katibu, walikuwa kumi na wawili: sita wa mjini, Michenzani na Amani, na sita wa shamba, Mangapwani na vitongoji vya jirani. Waliwaosha wazee, wakawakumbusha dawa za presha, wakawakata kucha, wakakaa nao wakazungumza. Hakuna aliyelipwa. Siku ya kikao palikuwa na chai na mkate wa mofa, basi.

Mwenyekiti, Mzee Mkubwa Usi, mwalimu mstaafu, ndiye aliyesikia kwamba kuna mfuko wa nje unaosaidia jumuiya ndogo ndogo. Wakaandika maombi. Salhiya akapiga taipu mwenyewe. Kwenye ukurasa wa bajeti walipofika kwenye mstari wa wanaojitolea, Mkubwa akasema, "Tia elfu hamsini kwa mwezi, kila mtu. Wamefanya bure vya kutosha."

Salhiya akatia.

Maombi yakakubaliwa: shilingi milioni ishirini na nne kwa mwaka, miaka miwili. Lakini bajeti ilirudi na alama nyekundu, na Salhiya akaitwa Vuga, kwenye ofisi inayosimamia fedha hizo. Alipokewa na kijana mpole aitwaye Suhaib.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona wekundu mwingi."

Suhaib akacheka, akamvutia kiti. "Elfu hamsini mara watu kumi na wawili ni laki sita kwa mwezi. Kwa mwaka milioni saba na laki mbili. Hiyo ni asilimia thalathini ya fedha zote. Sheria ya mfuko ni kwamba posho za wanaojitolea zisizidi asilimia kumi na tano."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mbili. Posho ikikua inageuka mshahara. Ukimlipa mtu mshahara, huyo ni mfanyakazi, ana haki zake: mkataba, likizo, michango ya hifadhi ya jamii. Jumuiya yenu haiwezi. Na ya pili, sisi tunaondoka baada ya miaka miwili. Mkiwazoesha watu elfu hamsini, mwaka wa tatu mtawapa nini?"

Salhiya aliliona jambo hilo lina mantiki. Akarudi nyumbani akapiga hesabu: asilimia kumi na tano ni milioni tatu na laki sita kwa mwaka, sawa na laki tatu kwa mwezi. Ukigawa kwa kumi na wawili ni elfu ishirini na tano kila mtu. Kikao kikakubali. Mkubwa alisisitiza iwe sawa kwa wote, asije mtu akasema jumuiya ina upendeleo. Salhiya akatayarisha fomu ya kusaini na makubaliano ya ukurasa mmoja, yanayosema kwamba huyu anajitolea, si mwajiriwa, na posho hii ni ya kufidia muda na usumbufu wake. Kwa kuwa mfuko ulitaka uwazi, akabandika orodha ya majina na kiasi cha posho kwenye mlango wa chumba walichokodi Amani.

Akalala usingizi mzuri. Ulikuwa wa mwisho kwa muda mrefu.

Mwezi wa pili Tabia alikuja ofisini kutoka Mangapwani. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini, mkulima wa muhogo, mchache wa maneno. Alisaini, akapokea fedha, akazihesabu, kisha akazitenga mafungu mawili juu ya meza. Fungu moja lilikuwa elfu ishirini na nne. La pili lilikuwa noti moja ya elfu.

"Hizi za gari," alisema, akionesha fungu kubwa. "Wagonjwa wangu wawili wako Bumbwini. Mara mbili kwa wiki, elfu tatu kwenda na kurudi. Hii moja ndiyo yangu."

Salhiya akazitazama.

"Badria wa Amani," Tabia akaendelea, "wagonjwa wake wote anawafuata kwa miguu. Ishirini na tano yote inabaki mkononi. Sina ugomvi naye. Ila nauliza tu, Bi Salhiya. Hivi ndivyo sawa ilivyo?"

Badria alipoulizwa, naye alikuwa na yake ya kusema. Alikuwa na wagonjwa watano wakati Tabia ana watatu, na asubuhi anazokwenda kwao hachomi vitumbua vyake vya kuuza. "Nnakosa elfu nane kila asubuhi," alisema. "Mwenzangu wa shamba akitoka, muhogo wake unaendelea kukua. Vitumbua vyangu vitachomwa na nani?"

Salhiya akaona Tabia ana haki. Akaona na Badria ana haki. Akaona na Mkubwa, aliyetaka usawa, hakukosea. Akarudi Vuga.

"Umechanganya vitu viwili, Bi Salhiya," Suhaib alimwambia. "Nauli si posho. Nauli ni gharama ya kazi, mtu ametoa mfukoni mwake, anarudishiwa. Haihesabiki kwenye ile asilimia kumi na tano. Iweke kwenye kifungu cha usafiri, kila mtu kadiri alivyosafiri kweli."

"Na risiti? Gari za abiria hazitoi risiti."

"Fomu ya nauli. Tarehe, ametoka wapi, amekwenda wapi, nauli kiasi gani, saini yake, na saini ya msimamizi wake au sheha wa mtaa wake kuthibitisha kwamba alikwenda."

"Kifungu cha usafiri tuna milioni moja na nusu. Ni ya kukodi gari ya ukaguzi."

"Mnaweza kuhamisha fedha baina ya vifungu hadi asilimia kumi bila kutuuliza. Zaidi ya hapo, mniandikie barua mapema, mseme kwa nini. Msihamishe kwanza mkaniandikia baadaye."

Salhiya akaandika barua. Wakapunguza safari za ukaguzi na fedha za chakula cha vikao, na ruhusa ikaja baada ya wiki tatu. Tabia na wenzake wa shamba wakaanza kurudishiwa nauli zao. Salhiya alidhani sasa mambo yamekaa sawa, na kwa Tabia yalikaa. Lakini mjini, siku hizo hizo, jambo jingine lilikuwa linaharibika, na hakulijua mpaka Rukaiya alipokuja nyumbani kwake adhuhuri moja, akakaa mkekani bila ya kuvua buibui.

"Shoga, mie posho sitaki tena," alisema.

"Umekuwaje?"

"Njoo ukamwone Mzee Borafya."

Mzee Borafya alikaa jumba la tatu kutoka kwao, ghorofa ya pili, na mwanawe ambaye alikuwa kazini kutwa. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja. Rukaiya alikwenda kwake siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki majirani wa ghorofa ile walikuwa wakipokezana. Bi Ummkulthum wa mlango wa pili alimletea uji na kumgeuza mchana. Hayo yalikuwa hivyo miaka minne, bila ya mtu kuyapanga.

Walipoingia, chumba kilinuka. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu ule ule. Rukaiya alimgeuza taratibu, akamwonesha Salhiya nyonga yake: ngozi imekuwa nyekundu ya kukoza, na katikati imeanza kufunguka.

"Miaka minne hajawahi kupata kidonda," Rukaiya alisema kwa sauti ndogo.

Wakamwosha, wakambadilisha shuka, wakamwekea mto. Kisha Salhiya akagonga mlango wa pili. Bi Ummkulthum alifungua, akamkaribisha kwa heshima, akamtilia maji ya ndimu. Alikuwa mama mnene mwenye uso wa bashasha, lakini siku ile bashasha haikuwepo.

"Bi Ummkulthum, mbona siku hizi humpitii mzee?"

"Si kuna wanaolipwa?"

"Nani kakwambia?"

"Imebandikwa mlangoni kwenu Amani, kila mtu kasoma. Nnasikia laki mbili kwa mwezi."

"Elfu ishirini na tano, Bi Ummkulthum. Na Rukaiya anakuja siku tatu tu."

"Iwe ishirini na tano, iwe laki mbili." Ummkulthum alikunja kanga yake, akaikunjua. "Mie nilikuwa nnakwenda kwa sababu ni jirani yangu. Sasa nikenda, ni kama nnamfanyia mwenzangu kazi yake yeye akachukua pesa. Watu wataniona mjinga. Nisipokwenda, moyo unaniuma, kwa sababu nnamsikia akikohoa ukutani. Nambie wewe uliyesoma, nifanye nini?"

Salhiya aliweka chini gilasi ya maji ya ndimu, akaaga. Orodha ile aliibandika kwa nia njema, ili watu wasiseme kuna wizi. Watu hawakusema kuna wizi. Walisema kazi imeshapata mwenyewe.

Alipotoka, Rukaiya alimpa pendekezo lake. Posho yake igharimie pampasi za mzee na dawa ya kidonda. "Mie ntasaini, wewe chukua ununue."

Jambo hilo lilimpendeza Salhiya, mpaka alipompigia simu Suhaib.

"Usifanye hivyo, Bi Salhiya, tafadhali," Suhaib alisema haraka. "Mtu anasaini kwamba amepokea, kumbe fedha imebaki ofisini? Mkaguzi akija ataona jumuiya inawafanya watu warudishe posho zao. Hilo ni kosa kubwa, hata kama mmenunua pampasi."

"Lakini ni kwa mgonjwa!"

"Najua. Ama azipokee, azitie mkononi, kisha afanye atakalo na mali yake. Ama aandike kwamba hataki posho, na fedha ibaki kwenye kifungu mpaka tukubaliane ihamie wapi. Kusaini bila ya kupokea, hapana."

Salhiya akakata simu. Hakukasirika. Alijihisi kama mtu aliyeambiwa amshike ng'ombe kwa pembe moja tu, na ng'ombe mwenyewe ana pembe tatu.

Akaitisha kikao cha watu wote, Jumamosi asubuhi, pale Amani. Walikuja kumi na wawili wote, na Bi Ummkulthum akaalikwa. Salhiya akawaeleza kuhusu nyonga ya Mzee Borafya. Kisha akasema aliyokuwa akiyafikiria wiki nzima: labda posho iondoshwe kabisa, wabaki na nauli, glavu, sabuni na salio la simu.

Rukaiya akaunga mkono. Badria akasimama.

"Bi Salhiya, kwa heshima. Nikuulize, nawe usinikasirikie. Wewe umo kwenye kifungu gani?"

Kila mtu alijua, lakini hakuna aliyewahi kulisema. Salhiya, kama katibu, alikuwa akilipwa laki moja na nusu kwa mwezi chini ya kifungu cha utawala, kwa sababu mfuko ulitaka awepo mtu wa kuandika ripoti na kutunza hesabu.

"Kifungu cha utawala," alisema.

"Basi kazi ya kalamu ina thamani, na kazi ya kumwosha mtu mzima ni sadaka?" Badria hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mie nina watoto watatu, mume wangu hayupo. Bi Rukaiya ana wanawe wanaomtunza, anaweza kukataa. Mkiondosha posho mtabaki na wenye uwezo tu. Masikini hatojitolea tena, si kwa kuwa hana moyo, ila hana elfu nane ya kupoteza."

Salhiya alitaka kusema kwamba yeye naye alifanya bure miaka sita. Kisha akakumbuka kwamba Badria naye alifanya bure miaka minne, na hakuna aliyemlipa malimbikizo. Akakaa chini. Alikuwa hajui tena yuko upande gani wa meza yake mwenyewe.

Aliyewatoa pale alikuwa Tabia. Alizungumza bila ya kusimama.

"Tatizo si posho," alisema. "Tatizo watu wanafikiri mwenye posho anafanya yote. Kwetu Mangapwani sheha aliwaambia watu siku ya kwanza: Tabia anakuja Jumatatu na Alkhamisi, saa tatu mpaka saa tano, siku nyengine mgonjwa ni wenu. Hakuna aliyeacha kumtizama mzee wake. Nyie mjini mlibandika pesa, hamkubandika siku."

Asubuhi ile hawakumaliza, na Jumamosi iliyofuata hawakumaliza pia. Mwisho wakaamua hivi. Posho itabaki, lakini hakuna atakayefanya kazi zaidi ya asubuhi mbili kwa wiki, ili isije ikawa ajira kwa mlango wa nyuma, na Badria apate siku za vitumbua. Mgonjwa wa tano wa Badria akachukuliwa na mwengine. Posho itakuwa elfu ishirini badala ya ishirini na tano, na zile tano tano, elfu sitini kwa mwezi, wataomba kwa barua zihamie kwenye vifaa: glavu, pampasi, dawa za vidonda. Mwaka wa pili posho itashuka tena hadi elfu kumi, na kuanzia sasa jumuiya itakusanya mchango wa elfu moja kwa mwezi kwa kila nyumba itakayopenda, kwenye daftari lake mbali na fedha za mfuko. Nyumba ya kila mgonjwa itabandikwa ratiba: siku za jumuiya na siku za majirani, kwa majina. Kuhusu laki moja na nusu yake, Salhiya mwenyewe aliomba ijadiliwe naye akiwa nje. Walimwacha na laki moja, na elfu hamsini wakaomba ihamie kwenye mafunzo.

Suhaib aliisoma barua mara mbili. "Mmejipunguzia wenyewe," alisema kwenye simu. "Sijawahi kuona."

"Na sisi hatujui kama tumefanya sawa," Salhiya akamjibu.

Ruhusa ilikuja. Kwa Mzee Borafya ratiba ikabandikwa nyuma ya mlango, na jina la Bi Ummkulthum likaandikwa Jumanne na Ijumaa. Lakini hakurudi kwa ajili ya karatasi. Salhiya alikwenda kwake, akakaa, akamwomba kwa mdomo. Ummkulthum akalia kidogo, akasema alikuwa akingoja mtu amwite. Kidonda kilichukua miezi miwili kupona.

Badria aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Mradi mwengine, wa lishe ya watoto, ulifungua ofisi karibu na kwake, ukawa unatoa laki moja kwa mwezi. Alikuja kuaga, akaleta vitumbua.

"Usinione nimewakimbia," alisema.

"Sikuoni hivyo. Huko wanakupa kwa muda gani?"

"Miezi kumi na minane."

"Na baadaye?"

Badria akainua mabega. Wakala vitumbua, na Salhiya hakujua amtakie nini zaidi ya heri. Watu wawili wengine walimfuata Badria. Wakabaki tisa, na wagonjwa walewale. Michango ya nyumba ilitoka mwezi wa kwanza nyumba thalathini na moja, mwezi wa tatu kumi na tisa, mwezi wa nne ishirini na sita. Salhiya alijaribu kutafuta sababu ya kupanda na kushuka, hakuipata.

Mwisho wa mwaka ikaja fomu ya ripoti. Mahali pengi alijaza bila ya taabu. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichouliza jumuiya itaendeleaje kuwasaidia wanaojitolea baada ya ufadhili kwisha. Alikaa mbele ya kompyuta kuanzia baada ya sala ya adhuhuri mpaka alasiri. Aliandika maneno mazuri kuhusu uendelevu, akayafuta. Akaandika kwamba kila nyumba itachangia, akafikiria zile ishirini na sita, akafuta. Mwisho akaandika mistari mitatu, akaituma.

Kesho yake Suhaib akapiga.

"Bi Salhiya, umeandika: 'Nauli tutaimudu kwa michango ikifika nyumba arubaini. Posho hatujui. Tunajua wanne watabaki hata bila ya posho, na wanne hawatoshi.'"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu."

"Wenzako wote wameandika kwamba watajitegemea kikamilifu."

"Wana bahati."

"Naipeleka kama ilivyo," Suhaib alisema. "Wanaweza kuuliza maswali."

"Waulize. Na mie nnayo ya kuwauliza."

Akaweka simu, akavaa buibui lake. Ilikuwa Jumanne, na jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya bibi mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye tangu mwezi uliopita alianza kukataa chakula na hakuna aliyejua kwa nini. Akapanda ngazi polepole, akipumzika kila ghorofa.